Kiduara Kisicho na Dereva: Kisa cha Kupanga Njia za Pikipiki za Maji kwa Vigeu vya 0 na 1

Kisa hiki kilitokea kwenye depo ya maji ya kunywa, Dar es Salaam, upande wa Kinondoni. Jina la biashara, wateja na wahusika nimeyaondoa. Wateja nimewapa herufi, na umbali nimeuacha katika namba za jumla tu ili mtu asiweze kurudi nyuma akatambua mahali. Modeli ya hesabu iliyopanga njia niliiandika mimi, na kosa ninalolieleza lilikuwa kwenye modeli hiyo.

Mazingira

Depo inapeleka zile chupa kubwa za lita 18.9 zinazowekwa kwenye dispensa za maofisini. Chupa moja ikijaa ina uzito wa karibu kilo 20. Pikipiki zipo tatu, zote zimefungwa keria ya chuma nyuma, na kila moja inabeba chupa sita zilizojaa. Hapo tayari ni kama kilo 120 nyuma ya dereva. Mkuu wa madereva, aliyeendesha bodaboda miaka mingi kabla ya kuja depo, hakubali chupa ya saba hata kama safari ni ya mtaa wa pili.

Biashara hii huenda kwa kubadilishana: mteja anapokea chupa iliyojaa, anatoa tupu. Kwa hiyo keria haipungui mzigo kwa macho. Inaondoka na chupa sita zilizojaa, inarudi na sita tupu. Chupa tupu haifiki kilo moja, lakini nafasi inayochukua ni ileile.

Zamani njia ziligawanywa kwa mazoea. Dereva mmoja alishika Sinza na Kijitonyama, wa pili Mwenge na kuelekea Makumbusho, wa tatu Mikocheni na Msasani. Siku ambayo oda nyingi ziliangukia upande mmoja, dereva mmoja alifanya safari mbili na mwenzake akakaa kivulini depo akisubiri. Kwa siku tunayoichambua hapa, mgao wa mazoea ungekula kilomita 47 kwa pikipiki zote. Mratibu wa oda aliniita nione kama kompyuta inaweza kugawa vizuri zaidi.

Modeli yenyewe

Tatizo hili ni la zamani. Dantzig na Ramser walilieleza mwaka 1959 wakizungumzia magari ya kusambaza mafuta. Mimi nililiandika kwa mtindo wa mishale: kwa kila jozi ya vituo i na j kuna kigeu x_ij ambacho ni 1 pikipiki ikitoka i na kwenda moja kwa moja j, na ni 0 isipofanya hivyo. Wateja tisa na depo ni vituo kumi, kwa hiyo mishale ni 90. Kwenda na kurudi nilivihesabu kama mishale miwili tofauti, maana barabara zetu hazilingani pande zote. Penye ukuta katikati ya barabara unaweza kumwona mteja ng'ambo, ukalazimika kwenda mbele kutafuta pa kugeuzia.

Masharti ya kwanza ni mepesi. Kila mteja anaingiwa mara moja na kutokewa mara moja, na mishale inayotoka depo isizidi mitatu. Lengo ni kupunguza jumla ya kilomita za mishale iliyochaguliwa.

Peke yake, hayo hayatoshi. Hayajui chochote kuhusu mzigo, na hayazuii wateja wawili kuzungukiana wao kwa wao bila kupita depo. Kazi zote mbili nilizikabidhi kwa kigeu kimoja, u_i, yaani idadi ya chupa ambazo dereva ameshashusha anapotoka kwa mteja i. Sharti lake ni hili:

```
u_j >= u_i + q_j - Q(1 - x_ij)
q_i <= u_i <= Q
```

Hapo q_j ni oda ya mteja j, na Q ni 6. Mshale ukitumika, x_ij ni 1, mabano yanakuwa sifuri, na u ya j lazima iwe angalau u ya i kuongeza oda ya j. Mshale usipotumika sharti linalegea na halimbani mtu. Chimbuko la sharti hili ni kazi ya Miller, Tucker na Zemlin ya mwaka 1960 kuhusu mchuuzi anayezunguka miji. Wenzao waliofuata ndio walioligeuza likafuata mzigo.

Sharti hili linaandikwa kwa mishale ya mteja kwenda kwa mteja tu. Mara ya kwanza niliiingiza na depo ndani, na kisuluhishi, yaani programu inayotafuta jibu, kikajibu papo hapo `Infeasible`, kwamba hakuna jibu linalotimiza masharti yote. Kilikuwa sahihi. Pikipiki ikienda kwa A na kurudi, u ya depo italazimika kuwa angalau sawa na u ya A, na u ya A kuwa kubwa kuliko u ya depo. Njia yoyote inayorudi nyumbani inakuwa haramu. Kuirekebisha kulichukua dakika tano.

Siku ya tukio

Oda za asubuhi hiyo zilikuwa hivi: A chupa 3, B chupa 2, C chupa 3, D chupa 1, E chupa 2, F chupa 4 na G chupa 2. Jumla ni 17, na pikipiki tatu zinabeba 18. Zaidi ya hao kulikuwa na wateja wawili, H na K, wote maeneo ya Mikocheni. Hawa hawakuhitaji maji. Walikuwa na chupa tupu zilizorundikana, H tatu na K mbili, na waliomba zichukuliwe. Nikawaingiza kwenye orodha na oda ya sifuri. Wakati ule ilionekana ndiyo namba ya kweli kabisa, kwa sababu hawapelekewi chochote.

Kisuluhishi kiliandika `Optimal`, yaani jibu bora kabisa, kilomita 36.4. Kutoka 47 hadi 36.4! Mratibu alifurahi, nami nilifurahi. Karatasi za njia zikachapwa na madereva wakaondoka.

Saa nne na nusu H alipiga simu: chupa zake bado zipo mapokezini, wageni wanaziruka. Mratibu akadhani dereva amepitiliza. Akampigia mkuu wa madereva, ambaye siku hiyo alikuwa na upande wa Mikocheni.

"Dada, karatasi yangu ninayo mkononi," akamjibu. "Hapa kuna F, kuna E, basi. H simwoni."

Karatasi za wengine wawili nazo hazikuwa na H wala K. Hata hivyo, kwenye modeli wote wawili walikuwa wameingiwa na kutokewa, kama sharti lilivyotaka.

Kilichokuwa kimejificha

Niliitoa mishale yote yenye thamani 1 na kuisoma mmoja mmoja. Ilikuwa 12. Njia tatu zenye wateja tisa lazima ziwe na mishale 12, yaani tisa ya kuingia kwa wateja na mitatu ya kurudi depo, kwa hiyo kuhesabu peke yake hakukuonyesha kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye mishale miwili ya mwisho: H kwenda K, kilomita 1.1, na K kurudi H, kilomita 1.5. Kiduara kamili, kisichogusa depo, kisicho na pikipiki wala dereva. Programu yangu ya kuchapa karatasi ilianzia depo na kufuata mishale, kwa hiyo haikuwahi kufika huko.

Kwa nini sharti la mzigo halikukizuia? Liandike kwa H na K, mishale yote miwili ikiwa 1 na oda zote mbili zikiwa sifuri:

```
u_K >= u_H + 0
u_H >= u_K + 0
```

Weka u zote mbili ziwe 0. Hakuna kilichovunjwa. Sasa fanya vivyo hivyo kwa A na C wenye chupa tatu kila mmoja: u_C iwe angalau u_A kuongeza 3, na u_A iwe angalau u_C kuongeza 3. Jumlisha pande zote, unapata kwamba 0 ni kubwa kuliko au sawa na 6, jambo lisilowezekana. Kinachokivunja kiduara ni kule kupanda kwa mzigo. Kila mteja akimwongezea mwenzake kitu, duara haliwezi kufunga, kwa sababu namba haiwezi kupanda njia nzima kisha ikarudi ilikoanzia. Wateja wa sifuri hawapandishi kitu, na mmoja peke yake hawezi kutengeneza kiduara, lakini wakiwa wawili wanaweza. Ndiyo maana modeli ilikuwa imefanya kazi wiki nzima bila kosa: hapakuwahi kuwa na wateja wawili wa tupu siku moja.

Na kisuluhishi kina kila sababu ya kukipenda kiduara cha namna hii. Kimelipa kilomita 2.6 tu kuwamaliza wateja wawili wa mbali.

Maamuzi

Dawa ya haraka ilikuwa kuongeza kigeu cha zamu: mteja wa kwanza njiani ni 1, wa pili ni 2, kila mshale unapandisha kwa moja. Kiduara kingekufa. Niliiacha kwa sababu nilipokaa na mkuu wa madereva aliniuliza swali ambalo modeli haikuwa na jibu lake: "Hizo tupu tatu za H, mtu anaziweka wapi?"

Keria imejaa. Imetoka na chupa zilizojaa, na kila iliyoshuka nafasi yake imechukuliwa na tupu. Tupu za ziada hufungwa juu kwa mpira, na yeye kwa uzoefu wake anaruhusu tatu. Nilimuuliza kuhusu nne. Akakataa: ya nne inakaa juu ya kichwa cha dereva, upepo wa barabara kubwa unaikamata, na pikipiki inayumba lori likikupita.

Kwa hiyo palikuwa na mipaka miwili ambayo mimi nilikuwa nimeichanganya. Uzito: chupa zilizojaa zisizidi 6. Nafasi: chupa zote, zilizojaa na tupu, zisizidi 9. Mteja wa kubadilishana anachukua nafasi sawa na oda yake, maana kila inayoshuka inapandisha nyingine. H anachukua nafasi 3 na K nafasi 2. Nafasi iliyojaa zaidi njiani ni ile ya mwisho wa safari, na ni jumla ya nafasi za wateja wote wa njia hiyo. Nikaongeza kigeu cha pili, w, kinachofuata nafasi kama u inavyofuata uzito:

```python
for i, j in x:
    if i != 0 and j != 0:
        m += u[j] >= u[i] + q[j] - Q * (1 - x[i, j])
        m += w[j] >= w[i] + r[j] - R * (1 - x[i, j])
```

R ni 9, na r ni nafasi ya kila mteja. Sasa hakuna mteja mwenye r ya sifuri. Kiduara cha H na K kingedai kwamba 0 ni kubwa kuliko au sawa na 5, kwa hiyo hakiwezi kutokea. Kosa la hesabu lilitibiwa na namba ya keria yenyewe, na hilo ndilo lililonifanya nichague njia hii badala ya kigeu cha zamu. Ikitokea siku kuna kituo kisicho na mzigo kabisa, kwa mfano kupeleka ankara tu, kigeu cha zamu kitahitajika, kwa sababu w nayo haitapanda.

Jambo la pili nililolirekebisha wakati huohuo halikusababisha tukio hili, ila lilikuwa linatuchelewesha siku zenye wateja zaidi ya ishirini. Mahali pa Q iliyo mbele ya mabano nilikuwa nimeweka 1000, kwa hofu kwamba namba ndogo ingebana kupita kiasi. Hofu ile haikuwa na msingi. Mshale usipotumika, u_j haiwezi kuwa chini ya q_j na u_i haiwezi kuzidi Q, kwa hiyo Q inatosha kulegeza sharti lote.

Madhara ya 1000 yanaonekana kisuluhishi kinapoanza kazi, kwa sababu mwanzoni kinaruhusu x iwe sehemu, kama 0.5 au 0.9, ili kipate makadirio ya chini ya kilomita. Jumlisha tena masharti mawili ya A na C, safari hii ukiacha x ziwe sehemu. Kwa 1000, x_AC na x_CA kwa pamoja zinaweza kufika 1.994, yaani kiduara karibu kizima kinaruhusiwa. Kwa 6, jumla yao haiwezi kuzidi 1. Sharti ni lilelile na majibu ya mwisho ni yaleyale, lakini kwa 1000 kisuluhishi kinaanza na makadirio yasiyo na maana, na kinatumia muda mwingi kuvunja viduara ambavyo kingeviona mapema. Pia niliondoa mishale ya wateja ambao oda zao kwa pamoja zinazidi 6, kama F na A wenye 4 na 3. Hawawezi kupanda pikipiki moja, basi mshale wao wa nini?

Matokeo

Modeli iliyorekebishwa ilitoa kilomita 39.8 kwa siku ileile. Ni zaidi ya ile 36.4 iliyotufurahisha, na ndiyo ya kweli. Ukiondoa kiduara cha 2.6, madereva walikuwa wameendesha 33.8, na H na K hawakuguswa. Gharama halisi ya kuwafikia hao wawili ni kilomita 6.0.

Kilichonishangaza ni kwamba modeli iliwatenganisha: H kwenye pikipiki moja, K kwenye nyingine, ingawa ni majirani. Nilidhani ni kosa jingine. Si kosa. Chupa 17 kwenye pikipiki tatu za sita zinagawanyika kwa namna moja tu: 6, 6 na 5. Hata pikipiki yenye chupa chache zaidi imeondoka na 5. Ukiongeza tatu za H na mbili za K unapata 10, na mwisho ni 9. Hakuna pikipiki inayoweza kuwachukua wote wawili.

Mratibu alipoona hesabu hiyo hakubishana na kompyuta. Alimpigia K, akaomba tupu moja ibaki mpaka kesho. Nafasi ya K ikawa 1, jumla ikawa 9, na modeli ikawaweka pamoja kwa kilomita 37.3. Chupa moja tupu ilikuwa na thamani ya kilomita mbili na nusu asubuhi ile, na bila w tusingejua.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni kusoma mishale yenyewe badala ya kuamini neno `Optimal`. Neno hilo linasema masharti uliyoandika yametimizwa kwa gharama ndogo kabisa. Halisemi kama umeandika masharti yote. Tangu siku ile hakuna karatasi inayochapwa kabla ya ukaguzi huu kupita:

```python
def waliosahaulika(x, wateja, depo=0):
    wamefikiwa = set()
    for j in wateja:
        if (depo, j) in x and x[depo, j].value() > 0.5:
            k = j
            while k != depo:
                wamefikiwa.add(k)
                k = next(n for n in wateja + [depo]
                         if (k, n) in x and x[k, n].value() > 0.5)
    return set(wateja) - wamefikiwa
```

Ikirudisha seti yenye mtu ndani, kuna kiduara mahali. Kuna na dalili nyingine isiyohitaji programu: jibu zuri kuliko matarajio siku ambayo wateja wa mbali wameongezeka. Siku ile H na K waliongezwa na gharama haikupanda ipasavyo. Nilipaswa kusimama hapo.

Kilichoshindwa, na bado hakijapona, ni kwamba lengo linahesabu kilomita tu. Kwenye njia ya F na E, modeli ilimtuma dereva kwa E kwanza, mwenye chupa 2, akiwa bado na nne za F mgongoni. Mkuu wa madereva alitaka kuigeuza: shusha nne za F kwanza, umalizie njia ukiwa mwepesi. Kwa sababu kwenda na kurudi havilingani, kuigeuza kuliongeza kilomita 0.7. Tuliamua dereva awe na ruhusa ya kugeuza njia yake, na nadhani tuliamua sawa, kwa kuwa breki ni zake na kilo zile ziko nyuma yake. Kuingiza uzito ndani ya lengo kunawezekana, maana u tayari inafuata kilichoshuka, ila lengo hilo lingehitaji kuzidisha mzigo kwa umbali wa kila mshale, na hapo u ya kituo haitoshi. Inabidi mzigo ufuatwe kwa kila mshale.

Mpaka mwingine ni wa mgao. Sharti la kumtembelea kila mteja mara moja linakataza kugawa oda ya mtu mmoja kwenye pikipiki mbili. Tulikutana nalo wiki mbili baadaye: oda za 4, 4, 4, 3 na 3. Jumla ni 18, sawasawa na uwezo wa pikipiki tatu, na kisuluhishi kikasema `Infeasible`. Ukijaribu kwa mkono unaona sababu: nne na nne hazipandi pamoja, nne na tatu hazipandi pamoja, kwa hiyo kila mwenye nne anahitaji pikipiki yake na wale wa tatu wanakosa. Mratibu sasa anaanza asubuhi kwa kutazama oda za chupa nne kabla ya kutazama jumla, na zikifika tatu anaandaa safari ya pili ya pikipiki moja kabla sijawasha kompyuta. Siku za mvua anaibadilisha Q kuwa 4, na R kuwa 6, kwa mkono wake mwenyewe.